Amezimia au ni kifafa? Namna ya kupambanua kwa yaliyotokea kabla, wakati na baada ya kuanguka

Mtu akianguka mbele za watu na kuanza kutupa mikono na miguu, hukumu hutoka papo hapo: ana kifafa. Akianguka akatulia, watasema presha imeshuka, apewe soda. Hukumu zote mbili hukosea mara nyingi, na ya kwanza ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa sababu aliyezimia tu kwa damu kupungua kichwani naye anaweza kutupa viungo. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani waliwazimisha makusudi vijana wenye afya njema kwa kuwahemesha haraka, kuwasimamisha ghafla na kuwabanisha pumzi, huku wakiwarekodi kwa video. Katika 42 waliopoteza fahamu kabisa, 38 walirukwa na viungo. Hakuna aliyekuwa na kifafa.

Kwa hiyo kutupa viungo peke yake hakuamui kitu. Kinachoamua ni mfuatano mzima wa tukio, nao hupatikana kwa kuuliza. Nafanya kazi ya utabibu katika kituo cha afya huku Nyanda za Juu Kusini, ambako hatuna mashine ya kupima umeme wa ubongo. Hata tungekuwa nayo, kipimo hicho kinaweza kutoka safi kwa mwenye kifafa, na kikatoka na kasoro kwa mtu asiye nacho. Masimulizi mazuri bado ndiyo kipimo cha kwanza. Nitaeleza ninavyouliza, nikimfuata binti mmoja wa kidato cha pili kutoka shule ya bweni upande wa Rungwe, aliyeletwa na mama yake kuanzishiwa dawa za kifafa.

Kwanza, wakati tukio bado linaendelea. Hapo huhitaji kujua ni lipi. Mlaze chini, ondoa mawe na meza karibu yake, legeza tai au kanga iliyombana, na tazama saa. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni. Akitulia, mgeuze ubavu na uangalie kama anapumua. Kama alilegea tu na amepauka, inua miguu yake. Mtukutiko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ana homa, au kaumia kichwa, ni safari ya hospitali wakati huo huo. Kama kuna mtu wa pili, arekodi kwa simu. Video ya sekunde 20 hunisaidia kuliko barua ya kurasa mbili, ila ibaki kwa familia na mganga, isizunguke kwenye magrupu.

Hatua ya kwanza: mtafute aliyeona

Aliyeanguka anaweza kukusimulia ya kabla na ya baada. Ya katikati hana, hayo ni mali ya shahidi. Mama wa yule binti alikuwa nyumbani tukio likitokea, na alichokuja nacho ni habari iliyopita kwa watu wanne. Niliomba namba ya matroni nikampigia pale pale.

Shahidi usimwulize, “Alitoa povu? Aling'ata ulimi?” Ukiuliza hivyo atasema ndiyo kwa yote, maana tayari ameshasikia kuwa ni kifafa na anataka kukusaidia. Mwambie aanze mbali: mwenzako alikuwa amesimama wapi, akifanya nini, wewe ulikuwa upande gani, ulianza kuona nini. Kisha mwombe aigize kwa mikono yake mwenyewe ule mtukutiko. Kwenye simu haiwezekani, lakini ana kwa ana usiache, kwa sababu maneno “alitupa mikono” yanabeba vitu vingi tofauti na mikono ya shahidi hukionyesha kimoja.

Muda nao usiuamini ukitajwa kwa dakika. Karibu kila mtu husema dakika kumi. Upime kwa matendo: ulipokimbia kutoka ulipokuwa hadi kumfikia, alikuwa bado anatupa? Mlimbeba hadi wapi kabla hajatamka neno?

Hatua ya pili: kabla hajaanguka

Tafuta mambo mawili, hali aliyokuwamo na dalili alizozihisi.

Kuzimia kwa kawaida kuna mazingira yake. Mtu amesimama muda mrefu bila kusogea, au kaamka ghafla, au yuko kwenye msongamano, ana njaa, kaharisha, kachomwa sindano, kaona damu, kapata maumivu makali. Damu hushuka na kukaa miguuni, mishipa hutanuka, mapigo ya moyo hupungua, na ubongo unakosa damu kwa sekunde kadhaa. Baridi haimkingi mtu. Watu hushangaa mtoto anazimiaje asubuhi ya ukungu akiwa na sweta, lakini kusimama kimya nusu saa na tumbo tupu kunatosha popote. Wapo pia wanaume wa Iringa walioshinda kwenye ulanzi, wakaamka usiku kwenda haja ndogo, wakaanguka mlangoni mwa choo. Pombe imetanua mishipa, ametoka kitandani kwa mkupuo, na kibofu kikiisha kujimwaga shinikizo la damu linashuka zaidi. Huyo mara nyingi kazimia.

Dalili zake huja polepole, kwa sekunde nyingi au hata dakika chache: kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu, joto mwilini, sauti za watu kusikika kwa mbali, macho kuingia giza. Mwenyewe hukumbuka, na mara nyingi alijaribu kukaa.

Kifafa hakichagui. Humkuta mtu amekaa, amelala, anakula, anatembea. Kikimkuta usingizini kitandani, ni nadra sana kuwa ni kuzimia kwa kawaida, kwa sababu aliyelala damu yake haina pa kushukia. Wengine hupata ishara fupi: kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni, harufu ambayo wengine hawaisikii, au hisia kwamba jambo hili lilishawahi kutokea vile vile. Huchukua sekunde chache tu. Wengine hawapati ishara yoyote. Uliza pia kuhusu kukosa usingizi, kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa sana, na kama alikuwa na dawa za kifafa akaziruka.

Matroni alinijibu hivi: “Ilikuwa mstarini, daktari, Jumatatu, matangazo yalikuwa marefu. Nilimwona anapepesuka, akamshika mwenzake bega. Mwenzake anasema aliambiwa, ‘Sioni vizuri.’ Halafu akashuka.” Binti mwenyewe aliongeza kwamba hakunywa uji, tumbo la hedhi lilikuwa linamuuma tangu usiku, na mwishoni sauti ya mwalimu ilikuwa kama inatoka chumba kingine. Macho kuingia giza na sauti kwenda mbali, kwa mtu aliyesimama, vikija kwa pamoja vina uzito mkubwa upande wa kuzimia.

Hatua ya tatu: wakati wenyewe

Uliza rangi. Kwa ngozi zetu usitazamie uso kuwa mweupe, tazama midomo, viganja na ndani ya kope. Anayezimia hupauka, uso unakuwa wa majivu, na jasho ni baridi. Mwenye kifafa kikubwa, midomo na uso huelekea zambarau au weusi wa kukosa hewa, kwa sababu misuli ya kifua imekakamaa.

Kisha uliza alivyoanguka. Anayezimia hulegea na kushuka, magoti yakikunjika, ingawa wapo wanaoanguka wima kama wamekaza mwili. Mwenye kifafa kikubwa hukakamaa kwanza, pengine akitoa mlio mmoja mzito wa hewa kusukumwa kooni, kichwa kikageukia upande mmoja, kisha mtukutiko unaanza.

Na mtukutiko ndio pa kukaa muda mrefu. Wa kuzimia ni wa viungo kuruka hapa na pale bila mpangilio, mkono huu, mguu ule, bega, na kwa kawaida hauvuki miruko kumi. Unakwisha ndani ya sekunde chache, na huja mwili ukiwa umeshalegea. Wa kifafa una mdundo: pande zote mbili zinakwenda pamoja, nguvu kubwa, kisha nafasi kati ya mruko na mruko inarefuka hadi ukome, na jumla yake ni dakika 1 hadi 3. Mtu akikuambia miruko ilizidi ishirini na ilikuwa na mdundo, elekea kifafa. Kati ya kumi na ishirini, usilazimishe jibu.

Yapo mambo ambayo watu huyapa uzito yasiyostahili. Macho kubaki wazi hutokea kwa wote wawili. Kujikojolea pia: aliyezimia na kibofu kimejaa atalowa. Ulimi una maana, lakini tazama mahali. Jeraha la pembeni mwa ulimi linaelekeza kwenye kifafa kwa nguvu, la ncha ya ulimi huenda likatokana na kuanguka tu. Mwambie atoe ulimi, umulike kwa tochi ya simu pande zote mbili. Macho yaliyofumbwa kwa nguvu, yakikataa kufunguliwa, katika tukio la muda mrefu linalopungua na kuzidi, huashiria aina ya tatu inayotokana na mfadhaiko. Nayo ni shida ya kweli inayotibika, mtu hajifanyi, lakini haitibiki kwa dawa za kifafa, na shuleni si suala la kuita wapunga mapepo.

Kwa binti yetu kulikuwa na jambo lililokuwa limewachanganya wote. Alipoanguka alikuwa kimya. Wasichana wawili wakamnyanyua, wakamkalisha kwenye kiti cha mwalimu, wakamshikilia kichwa kisianguke. Hapo ndipo alipoanza kutupa mikono na macho yakapinda juu. Matroni alipofika akaamuru alazwe chini. “Nilipomlaza akaacha,” alisema, “sijui kama ni kwa sababu hiyo.”

Ni kwa sababu hiyo hasa. Kuanguka ndiko kunakomponya anayezimia, kwani kichwa kikilingana na moyo damu inarudi. Ukimnyanyua unauzuia ubongo kupata damu uliyokuwa unaisubiri, na ubongo uliokosa damu zaidi hutupa viungo zaidi. Wengi walioandikwa kifafa walizimia kwenye kiti, kwenye daladala iliyojaa, au mikononi mwa watu wema. Kila mara uliza: alikuwa amelala kabisa, au mlimshikilia?

Hatua ya nne: baada ya kuzinduka

Ningepewa nafasi ya kuuliza sehemu moja tu, ningechagua hii. Aliyezimia, akishalala chini, hurudi ndani ya sekunde 20 au 30, na akirudi anarudi mzima wa akili. Anajua yuko wapi, anaona aibu, anauliza nini kimetokea. Anaweza kubaki mchovu, amepauka, anataka kutapika, hata saa nzima. Usichanganye uchovu na kuchanganyikiwa. Mchovu akiulizwa jina la mwalimu wake wa darasa atalitaja, kwa sauti ndogo.

Aliyetoka kwenye kifafa kikubwa anakoroma kwanza, kisha macho yanafunguka lakini mwenyewe hayupo. Haelewi anaulizwa nini, hawatambui ndugu, anaweza kusukuma watu au kutaka kutembea. Hali hiyo huchukua dakika kumi, nusu saa, pengine zaidi. Baadaye kichwa kinamgonga, anasinzia, na kesho yake misuli inamuuma kama aliyeshinda kulima kwa jembe la mkono.

Mwulize mwenyewe swali hili: kitu cha kwanza unachokumbuka baada ya kuanguka ni kipi? Aliyezimia hukumbuka nyuso zikimwinamia pale pale alipoangukia. Wa kifafa hukumbuka kiti cha gari, au dari ya wodi, na katikati pametoweka. Binti alijibu, “Nilimwona matroni, nikamwambia shikamoo, wenzangu wakacheka.” Salamu hiyo peke yake ilinipa zaidi ya yale yote yaliyosemwa kuhusu mikono na macho.

Sasa mlinganishe na kijana mwingine, mpakiaji wa viazi pale Uyole, ambaye nyumbani walikuwa wanasema ni uchovu na presha. Aliletwa baada ya kuanguka mchana amekaa juu ya gunia, hakuhisi lolote. Kaka yake aliigiza vizuri: kichwa kiligeuka kushoto, akatoa mlio, akakaza mwili wote, kisha akatikisika kwa mdundo hadi mwendesha bodaboda aliyekuwa ng'ambo ya barabara akafika. Midomo ilikuwa nyeusi. Alipofungua macho alimsukuma kaka yake kama mgeni, na kumbukumbu yake inaanzia kwenye benchi la kituo. Ulimi ulikuwa na jeraha bichi ubavuni na kovu la zamani karibu nalo. Nikauliza kuhusu usiku, mkewe akasema ameshamkuta mara mbili asubuhi kitanda kimelowa na mwili mzima unamuuma, wakadhani pombe.

Kwa mtu mzima anayeanza kifafa huku kwetu, ambako nguruwe wanafugwa sana Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, lazima kuwaza pia mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Hayaingii kwa kula kitimoto moja kwa moja, bali kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kupigwa picha ya kichwa hospitali kubwa. Asijinunulie dawa za minyoo za kuyaua, maana yakifa ubongo huvimba na mtukutiko unaweza kuzidi.

Hatua ya tano: usitulie kabla hujauliza kuhusu moyo

Ukishaona ni kuzimia, kazi haijaisha, kwa sababu kuzimia kunakotokana na moyo kunaweza kuua. Kunajitambulisha hivi: mtu anaanguka katikati ya kukimbia au kubeba mzigo, au akiwa amelala, au bila dalili yoyote ya kutangulia, au baada ya moyo kwenda mbio ghafla au kifua kuuma. Uliza kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40, hata aliyesemekana karogwa au kazama majini bila sababu. Jibu moja la ndiyo linatosha kumpeleka hospitali ya rufaa, na kipimo cha umeme wa moyo kinafaa kufanywa kwa kila aliyezimia, hata akionekana salama.

Mwanamke wa umri wa kuzaa akizimia huku tumbo linamuuma na hedhi imechelewa, waza mimba iliyotunga nje ya kizazi, wala usisubiri kesho. Mjamzito aliyetukutika ni dharura ya kifafa cha mimba hadi ithibitike vingine. Na kwa wale wa Makete na Njombe wanaoingiza jiko la mkaa chumbani kuota: wakiwa zaidi ya mmoja wanaumwa kichwa na mmoja akaanguka, fungueni milango mtoke nje kwanza, maswali baadaye.

Binti nilimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha baada ya dakika 1 na dakika 3 za kusimama. Namba ya juu haikushuka kwa 20, ambacho ndicho kiwango cha kutia wasiwasi. Sukari na damu zilikuwa sawa, moyo haukuwa na mlio wa ziada, hakuna kifo cha ghafla katika ukoo. Alipelekwa mjini kupimwa umeme wa moyo, ukatoka sawa.

Mama hakuridhika haraka. “Sasa daktari, kwa nini alitupa mikono?” Nilimweleza habari ya kiti. Dawa za kifafa sikumwandikia. Nilimwandikia matroni maagizo: apate uji kabla ya mstari, anywe maji, akisimama abadilishe miguu na kukaza mapaja, na akihisi giza machoni aruhusiwe kukaa chini pale pale, bila kuomba ruhusa. Akianguka tena alazwe, asikalishwe. Ikiwa tukio lijalo litakuwa na kukakamaa, ulimi ulioumia ubavuni au kuchanganyikiwa kwa dakika nyingi, tunaanza upya.

Kwa aliye tayari kwenye fenobabitoni au kabamazepini na akisoma haya anaona hadithi yake ni ya kuzimia, asiache dawa leo. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta mtukutiko hata kwa mtu ambaye hakuwa na kifafa. Aende kliniki na shahidi wa tukio la kwanza, hata kama ni la miaka mingi, aombe lisimuliwe tena kutoka mwanzo. Ikionekana ziachwe, zinapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, chini ya macho ya mganga.